Samaki Mwenye Magamba kwa Meza ya Watu Tisa

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya uratibu wa ofisi nilimletea mgeni asiyekula nyama sahani ya pilau iliyoondolewa nyama. Nilisimama mwenyewe pembeni ya jiko la mgahawa nikamwomba mpishi achambue minofu yote, akaichambua kwa uangalifu, na mimi nikaamini kwamba nimemtendea mgeni wema. Mgeni alinusa sahani, akanishukuru kwa upole, akala kachumbari na kipande cha chapati, kisha akaendelea na kikao hadi saa kumi jioni akiwa na njaa. Wali wa pilau huiva ndani ya supu ya nyama. Nyama ukiitoa, supu inabaki katika kila punje, na kwa mtu ambaye hajawahi kula nyama tangu azaliwe harufu yake haifichiki. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuuliza kama chakula kina nyama au hakina, bali huuliza kimepikwa kwa nini, ndani ya chombo gani na baada ya kitu gani.

Ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na wateja wetu ni watu wanaopitisha mizigo bandarini kwenda sehemu mbalimbali. Kila baada ya miezi kadhaa tunawaalika wachache kwa chakula cha mchana ili wazungumze na wakuu wetu kuhusu mikataba na ucheleweshaji. Nitaeleza mwaliko mmoja, wa Julai 2025, kwa sababu ndani yake yalikutana karibu mambo yote yanayoweza kumkwamisha mpangaji. Wageni walikuwa sita na wenyeji watatu, jumla watu tisa.

Bosi wangu alitaka Ijumaa. Nilimwomba tusiitaje kwa wageni kabla sijawauliza, kwani siku yenyewe ni sehemu ya swali la chakula, na ukiituma siku kwanza halafu ukauliza chakula baadaye, mgeni mstaarabu atakubali siku isiyomfaa kuliko kukusumbua. Ijumaa, Adhuhuri ya Dar es Salaam mwezi Julai huingia karibu saa sita na nusu, na mtu anayekwenda kusali msikitini na kusikiliza hotuba hawezi kuwa mezani kabla ya saa nane bila kukimbizana na foleni. Jumatatu na Alhamisi wapo Waislamu wengi wanaofunga sunna, na hawatangazi. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo kwa Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, ambao siku hizo hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai, na wenye kushika mfungo kwa ukamilifu hawali chochote hadi alasiri. Kwa hiyo hata kabla ya kumuuliza mtu yeyote, wiki yangu ilikuwa imebaki na Jumanne. Nilipendekeza Jumanne tarehe 22 Julai kama siku ya kwanza na Jumanne iliyofuata kama siku ya akiba, bila kueleza sababu, maana mgeni hahitaji kusomewa hesabu zako.

Saa niliiandika kwa namna mbili: saa saba na nusu mchana, yaani 13:30. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limewahi kunigharimu. Mtu anayesoma Kiswahili cha ofisini akiona 7:30 peke yake anaweza kuwaza asubuhi, na mwaliko wa kalenda ya simu huonyesha tarakimu tu. Mgeni wetu wa Addis Ababa, kwa bahati, anahesabu saa kama sisi, kwa kuwa Waethiopia nao huanza kuhesabu pale jua linapochomoza, na Addis, Nairobi na Dar zote ziko katika majira mamoja. Hata hivyo niliandika namna zote mbili kwa wote. Saa saba na nusu niliichagua pia ili mwenye kusali Adhuhuri awe amekwisha sali na kufika bila haraka.

Ujumbe niliowatumia wote sita ulikuwa na maneno yaleyale, na hili nalishikilia sana. Sikuchagua wa kumuuliza na wa kumwacha kwa kuangalia jina. Jina halikuambii mtu anakula nini. Katika kundi hilihili alikuwamo kijana mwenye jina ambalo kila mtu angelidhani la Kiislamu, naye ni Mlutheri ambaye shida yake haihusiani kabisa na dini. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

"Ndugu mgeni wetu, tunafurahi kukualika kwa chakula cha mchana siku ya Jumanne, tarehe 22 Julai, saa saba na nusu mchana (13:30). Kabla hatujachagua mgahawa tunaomba utufahamishe: Je, kuna chakula au kinywaji usichotumia, kwa sababu yoyote ile? Je, kuna kinachokudhuru hata kikiwa kidogo? Je, siku na saa hii inakufaa, au ungependa nyingine? Sababu si lazima uitaje. Tukipata jibu lako kufikia Jumatatu tarehe 14, mgahawa utakuwa na muda wa kujiandaa."

Swali linauliza chakula, halimuulizi mtu dini yake. Ukimuuliza mtu dini, atakujibu dini, nawe utabaki kukisia chakula chake, na utakosea, kwa kuwa watu wa dini moja hawali sawa. Nilitenganisha pia kile ambacho mtu hatumii na kile kinachomdhuru, kwani mgahawa unapaswa kuvishughulikia tofauti. Asiyekula bamia kwa kutopenda anaweza kuiruka. Mwenye aleji hawezi kuruka kilichochanganyika kwenye mchuzi.

Majibu yalikuja kwa siku nne. Mzee mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alijibu kwa simu, kwa ufupi: halali tu, na kusiwe na pombe mezani. Mteja wa Upanga aliandika kwamba yeye anafuata madhehebu ya Ithnaasheri, na kwa hiyo katika vitu vya baharini anakula samaki mwenye magamba na kamba, lakini hali ngisi, pweza wala kaa. Huyu na mzee wa Kariakoo wote ni Waislamu, na ngisi ambaye kwa mmoja ni kitoweo cha kawaida cha pwani, kwa mwingine haliwi. Ndiyo sababu neno "halali" peke yake halikutoshi unapoagiza vya baharini.

Mgeni kutoka Musoma alisema ni Msabato, akafafanua mwenyewe: nguruwe hapana, samaki asiye na mapezi na magamba hapana, na kamba hapana, kama ilivyoandikwa katika Mambo ya Walawi sura ya 11. Hebu tazama jinsi mambo yalivyopishana: Ithnaasheri anakula kamba, Msabato hali. Wote wawili wanakutana kwenye magamba.

Mama mmoja wa Nairobi, kutoka jamii ya Waoshwali ambao wengi wao ni Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, aliandika jibu refu na la kusaidia kuliko yote. Hali nyama, samaki wala mayai, bali maziwa na samli anatumia. Hali pia vinavyokua chini ya ardhi: viazi, vitunguu, vitunguu saumu, karoti, tangawizi mbichi. Na akaongeza kwamba katika miezi minne ya masika ya Kihindi, ambayo mwaka huo ilikuwa imekwisha kuanza mwezi Julai, yeye huacha na mboga za majani. Nilikaa na jibu hilo muda mrefu, kwa sababu mgahawa wa Dar ukiuambia kuna mgeni hali nyama, jibu la kwanza la mpishi ni mchicha wa kukaanga kwa kitunguu. Mchicha ule ungekuwa umekosea mara mbili katika sahani moja.

Mgeni wa Addis Ababa alisema Jumanne inamfaa kuliko siku nyingine, kisha akaandika sentensi ambayo sikuitarajia: nyama nitaomba nisiletewe, samaki au mboga zinatosha. Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimekwisha kuona katika safari moja ya kikazi kwamba kwa desturi ya Ethiopia Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu vilevile hali iliyochinjwa na Mkristo, hata katika miji ambayo wameishi mlango kwa mlango kwa karne nyingi. Wapangaji wengi hapa kwetu wanaamini kwamba nyama ya halali inamaliza maswali yote, kwa kuwa Wakristo wa Tanzania kwa kawaida wanaila bila neno. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Kwa mgeni yule cheti cha halali ndicho kingemfanya asile, naye asingesema kitu.

Wa mwisho alikuwa yule kijana Mlutheri, msaidizi wa mama wa Nairobi. Aleji ya karanga. Nilimpigia, nikamuuliza ikitokea amekula huwaje, akanieleza kwamba koo hufunga na kwamba hutembea na sindano ya dawa begini. Nilimuuliza kama korosho nazo zinamdhuru, akasema hapana, ni karanga tu. Maswali haya mawili nawaomba wapangaji wenzangu wasiyaonee haya, kwani mwenye aleji amezoea kuulizwa na anaona nafuu anapoulizwa na mtu anayeandika majibu.

Nilipoyaweka majibu sita kwenye karatasi moja, niliacha kutafuta mgahawa wenye menyu ndefu. Menyu ndefu inamwachia mgeni kazi ya kuhoji mhudumu mbele ya wenzake, na mwenye masharti magumu ndiye atakayehojiwa kwa muda mrefu kuliko wote. Nilitafuta chakula kimoja cha katikati ambacho watu wengi kadiri iwezekanavyo wangekula pamoja, nikaona ni samaki. Samaki hachinjwi, hivyo swali la mkono uliochinja halipo, wala kwa mzee wa Kariakoo wala kwa mgeni wa Addis. Akiwa na magamba, Ithnaasheri na Msabato wote wanaridhika. Nikaamua: changu wa kupaka, aliyechomwa mkaani na kupakwa tui zito la nazi. Pembeni wali mweupe wa nazi, ambao hauna supu, na bamia. Kwa mama wa Nairobi dengu za sufuria yake peke yake, zilizotiwa mvuje badala ya kitunguu na saumu, na bamia zake zikipikwa hivyohivyo. Mvuje wapishi wetu wa pwani wanaujua kama dawa ya tumbo la mtoto, lakini katika jiko la Kigujarati ndio unaoshika nafasi ya kitunguu, na kibano kidogo cha unga wake kikikaangwa kwenye samli ya moto kinatosha sufuria nzima.

Niliwahi kufikiria mgahawa wa mboga tupu kule Kisutu, karibu na mahekalu, ambako mama wa Nairobi angekula bila maelezo yoyote. Nikauacha, kwa sababu mzee wa Kariakoo na mgeni wa Musoma ni watu ambao kwao kualikwa mezani kusiko na kitoweo ni kama hukualikwa. Huo ni uamuzi wangu, na mtu mwingine angeweza kuamua vinginevyo.

Mgahawa nilioupenda niliupigia saa nne asubuhi, kabla pilikapilika za mchana hazijaanza, nikaomba kuzungumza na meneja na si mpokea simu. Niliuliza kama kitimoto inaingia jikoni kwao, akasema hapana. Niliuliza kama wana cheti cha halali cha BAKWATA, akasema kipo ukutani. Ingawa nilikuwa naagiza samaki, mzee angetaka kujua kuhusu sufuria na mafuta. Niliuliza kuhusu chumba cha pembeni ambako vinywaji vya baa havipiti. Kwa simu kila kitu kilikuwa sawa. Lakini kwa simu mtu hujibu juu ya chakula, hajibu juu ya vyombo, kwa hiyo Alhamisi nikaenda.

Mpishi mkuu alikuwa mtu mzima wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba sikuja kumkagua bali kujifunza jiko lake ili wageni wangu wale kwa amani, naye akanikaribisha ndani. Karai la kukaangia lilikuwa moja. Mafuta yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na chenga za unga wa samaki zilikuwa zinazunguka juu, na katika mafuta yayo hayo walikuwa wanatumbukiza chipsi na sambusa za dengu. Kwa asiyekula samaki, sambusa zile hazikuwa tena za dengu. Nilimwomba siku yetu kisikaangwe chochote cha mama wa Nairobi kwenye karai, akakubali mara moja.

Kisha nikauliza tui wanalipataje. Akanionyesha blenda kubwa kwenye kona, akasema nazi husagwa humo asubuhi. Nikauliza nini kingine husagwa humo. "Karanga za mchicha, mwanangu," akasema, na alipotamka hivyo mwenyewe akanyamaza. Tulikifungua kikombe. Chini ya kisu, kwenye mpira wa kuzuia maji, palikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, mkavu, ambao kuosha kwa kawaida hakuwezi kuufikia. Huo ndio ungeingia kwenye tui la changu, na samaki yule yule niliyemwona ni suluhisho la meza nzima angemfikia kijana wa watu koo lake likafunga. Hakuna menyu duniani ingenionyesha utepe ule. Tulikubaliana kwamba nazi za Jumanne zikunwe kwa mbuzi na kuchujwa kwa mkono, kwa kichujio kipya, na kwamba mchicha wa karanga siku hiyo usipikwe kabisa hadi wageni wetu waondoke.

Niliporudi ofisini nilituma barua pepe ya uthibitisho kwa meneja, fupi, yenye tarehe, saa kwa namna mbili, idadi ya watu, chumba, vyakula na makatazo. Makatazo niliyaandika kwa namba za viti badala ya majina, kwa kuwa aleji ya mtu na ibada yake si mambo ya kubandikwa ukutani kwa mgahawa. Kiti cha tatu: sufuria yake, dengu za mvuje, bila kitunguu, saumu, viazi, majani wala yai. Kiti cha sita: karanga ni hatari ya uhai. Nilimwomba anijibu kwa kuyaandika upya kwa maneno yake, si kwa neno "sawa". Alipoyaandika, viazi havikuwamo, nikamkumbusha. Tulilipa advansi ya nusu, na risiti ikataja tarehe ya shughuli.

Jumatatu alasiri, siku moja kabla, nilipiga tena, na safari hii niliomba kujua ni nani atakayekuwa zamu Jumanne mchana. Wakati mmoja huko nyuma, katika mgahawa ambao sitautaja, meneja aliyepokea maagizo yangu yote alikuwa likizo siku ya wageni, na aliyeshika zamu hakuwa na habari hata ya idadi. Safari hii meneja wa zamu alikuwa na karatasi mkononi, lakini alikuwa na habari nyingine: upepo wa kusi ulikuwa umewazuia wavuvi siku mbili, changu wa kutosha hawakupatikana Feri, na jiko lilikuwa limeamua kutuwekea ngisi na kamba wa kuchoma, "kwa bei ileile, dada, na ni watamu zaidi." Aliyasema kwa nia njema kabisa. Ngisi wangemwacha Ithnaasheri na Msabato, kamba wangemwacha Msabato mara ya pili. Nilimwuliza samaki gani wa magamba wapo. Akaenda akauliza, akarudi na jibu kwamba chewa wapo, wakubwa, wanaoweza kukatwa vipande. Nikamwambia chewa, wapakwe vilevile, na ngozi ibaki ili magamba yaonekane yalipokuwa.

Jambo hili la mbadala sasa ninaliandika tangu mwanzo katika uthibitisho: chakula kikikosekana, kisibadilishwe kabla ya kunipigia simu. Ukiacha nafasi hiyo wazi, jiko litaijaza kwa kilichopo, na kilichopo jikoni hakijui wageni wako.

Asubuhi ya Jumanne niliwatumia wageni ujumbe mmoja wenye jina la mgahawa, ramani, mahali pa kuegesha gari na sentensi moja: kila mmoja amepangiwa chakula kamili kulingana na alivyotueleza. Nilifika saa saba kasoro robo. Mbuzi wa kukunia alikuwa bado na machicha ya nazi mabichi menoni, na blenda ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Sahani zilitoka zote pamoja, kama nilivyoomba, ili dengu za kiti cha tatu zisije dakika ishirini baada ya wengine kuanza. Mama wa Nairobi alifunua bakuli, akanusa mvuje, akaniangalia kutoka upande wa pili wa meza, kisha akamwita mhudumu kumuuliza kama mpishi ni mtu wa Gujarati. Mpishi, mzaliwa wa Tanga, alitoka jikoni mwenyewe kujibu.

Jioni ile niliyahifadhi majibu ya wageni kwenye faili la kila mteja, kwa idhini yao, pamoja na tarehe niliyoyapokea, kwa sababu mtu hubadilika. Mkutano uliofuata wakuu walikuwa wameupanga wiki ya tatu ya Februari 2026. Niliifungua kalenda nikaona kwamba mfungo mkubwa wa Waorthodoksi wa Ethiopia, wa siku 55 kabla ya Fasika, yaani Pasaka yao, ungeanza tarehe 16, Jumatano ya Majivu ingeangukia tarehe 18, na Ramadhani ingeanza siku hiyo au ya pili yake kutegemea mwandamo. Nikamwandikia bosi wangu kwamba wiki hiyo tuwaite wageni kwa kikao cha asubuhi kisicho na chakula, na meza tuiandae mwezi Januari.